Tasnifu Ina Sura Tano, Makala Ina Swali Moja

Hotuba hii niliitoa mbele ya wauguzi waliomaliza shahada ya uzamili. Nimeiandika yote kwa ajili ya wenzetu ambao hawakuweza kufika.

Walimu wangu, wauguzi wenzangu, na hasa ninyi mliokabidhi tasnifu zenu juzi juzi na hamtaki hata kulifungua lile faili: asanteni kwa kunikaribisha.

Mtahini alipoisoma tasnifu yako, alikuwa anatafuta nini? Alikuwa anataka kujua kama wewe unaweza kufanya utafiti. Ndiyo maana ulieleza kila kitu: maana ya kila neno, nadharia uliyoifuata, hesabu ya sampuli hatua kwa hatua, na kila jedwali lililotoka kwenye programu ya takwimu. Msomaji wa jarida hana shida na uwezo wako. Yeye anauliza: umegundua nini ambacho sikijui, na nikiamini kwa sababu gani? Hao ni wasomaji wawili tofauti. Ukimwandikia wa pili kwa namna ulivyomwandikia wa kwanza, makala itarudi.

Nitawaeleza habari za dada mmoja, muuguzi wa wodi ya upasuaji, ambaye nilimsaidia katika safari hii. Ameniruhusu niisimulie, ila tarakimu nimezirahisisha ili mzifuate kwa kusikiliza tu.

Tasnifu yake ilihusu maumivu ya mgonjwa baada ya upasuaji. Ilikuwa na malengo manne: maarifa ya wauguzi kuhusu maumivu, mitazamo yao, matumizi yao ya kipimo cha maumivu, ule mstari wa 0 hadi 10, na vikwazo wanavyokutana navyo. Kurasa zilipita mia moja. Majedwali yalikuwa 17. Jarida alilolitaka lilikuwa linapokea maneno yasiyozidi 4,000.

Alifanya nini? Alifanya wanachofanya wengi wetu. Alichukua mkasi. Alipunguza kila sura kidogo kidogo, akabaki na maneno 9,000, akapunguza tena, akafika 4,000, akatuma. Siku ya tano mhariri akamrudishia bila hata kuipeleka kwa wahakiki. Aliandika kwamba haoni makala inajibu swali gani.

Dada akanijia ameishiwa nguvu. Nikamwambia, funga kompyuta. Niambie kwa pumzi moja, uligundua nini? Akafikiri, akasema: “Mwalimu, kipimo wote wanakijua. Wanaokitumia zaidi ni wale waliopata mafunzo kazini.”

Makala yake ilikuwa hiyo. Sentensi mbili! Na katika yale maneno 4,000 aliyotuma, jambo hilo lilikuwa limefichwa kwenye safu ya tatu ya jedwali la nne.

Kwa hiyo, ndugu zangu, msianze kwa kupunguza. Anzeni kwa ukurasa mtupu. Andika juu kabisa swali moja na jibu lake moja. Kisha ingia kwenye tasnifu kama mtu anayeingia ghalani kuchukua anachohitaji tu. Kwa dada yetu, swali lilikuwa: je, mafunzo kazini yanahusiana na matumizi ya kipimo cha maumivu? Likishakaa hivyo, mambo yanajichuja yenyewe. Mitazamo haikuingia. Sura nzima ya mapitio ya maandiko ikawa aya nne za utangulizi: tatizo ni nini, kinachojulikana ni nini, kisichojulikana ni nini, na sisi tumeuliza nini. Majedwali 17 yakawa matatu. Nadharia ilibaki sentensi moja, kwa sababu ndiyo iliyoongoza maswali ya hojaji. Kama isingeongoza chochote, ningemwambia aitoe kabisa.

Sehemu moja tu sikumruhusu aikate ovyo, nayo ni mbinu za utafiti. Kwa aina nyingi za utafiti kuna orodha za ukaguzi ambazo majarida mengi ya afya yanazidai. Kama uliangalia au kuhoji watu bila kuwapangia tiba, kama alivyofanya yeye, orodha yako ni STROBE, yenye vipengele 22. Kama ulifanya mahojiano ya kina au majadiliano ya vikundi, tafuta COREQ, yenye vipengele 32. Wengi huijaza dakika ya mwisho, kama fomu ya forodhani. Ijaze kabla hujaandika. Dada alipoipitia aligundua kwamba hakuna mahali popote kwenye tasnifu aliposema aligawa hojaji ngapi. Alikuwa ameandika tu kwamba washiriki ni 180. Alirudi kwenye daftari lake la ukusanyaji, akakuta aligawa 204. Kwa hiyo 24 hawakurudisha, na msomaji ana haki ya kujiuliza kama hao 24 ndio wasiotumia kipimo. Mtahini hakuliona hilo. Mhakiki angeliona asubuhi na mapema.

Je, yale mahojiano aliyofanya kuhusu vikwazo, yatupwe? Hapana. Hayo yana swali lake na data zake, yanaweza kuwa makala ya pili. Lakini angalieni mpaka. Kukata data zilezile za watu 180 vipande vitatu ili upate makala tatu ni kosa, na wahariri wanalijua. Ukiwa na makala mbili kutoka tasnifu moja, kila moja iitaje nyenzake waziwazi.

Kuna jambo la majina ya waandishi ambalo nitalipita haraka, ingawa limevunja urafiki wa watu wengi. Miongozo ya ICMJE, ile kamati ya kimataifa ya wahariri wa majarida ya tiba, ambayo majarida mengi ya tiba na uuguzi huifuata, inataka kila mwandishi atimize mambo manne: awe amechangia kwa kiasi kikubwa kwenye utafiti wenyewe, awe ameandika au kuhakiki andiko kwa kina, awe ameidhinisha toleo la mwisho, na akubali kuwajibika kwa kazi yote. Msimamizi aliyeyatimiza anaingia. Mkuu wa idara aliyetia saini barua ya ruhusa anashukuriwa mwishoni, haingii kwenye majina. Kaeni chini mkubaliane kabla ya sentensi ya kwanza, na mwandike makubaliano kwenye barua pepe.

Sasa jarida. Mnachaguaje jarida?

Najua jibu la wengi: jarida lililoniandikia. “Mpendwa Profesa, tumevutiwa mno na kazi yako.” Nawe si profesa! Kuna mwenzetu mmoja, muuguzi mzuri sana, aliyejibu barua kama hiyo. Makala yake ilikubaliwa baada ya siku nne. Hakuna maoni hata moja ya mhakiki. Hakuna swali. Kilichofuata ni ankara ya malipo. Aliposhtuka na kuomba kuiondoa, walikaa kimya, kisha wakaiweka mtandaoni hivyohivyo. Mnaona alivyonaswa? Jarida la kweli halipokei makala ambayo imekwisha kuchapishwa kwingine. Data za miaka miwili zikazama pale, mahali ambapo watafiti hawatafuti.

Mtu angejikingaje? Asiamini kile jarida linachosema juu yake lenyewe. Tovuti inaweza kuandika kwamba jarida limo MEDLINE au CINAHL. Wewe nenda kwenye kanzidata yenyewe ulitafute jarida kule. Kama linadai ni la ufikiaji huria, yaani linasomwa bure, litafute kwenye DOAJ, orodha ya majarida ya aina hiyo. Na ukishalipata, ingia kwenye tovuti yake kupitia kiungo cha huko huko, kwa sababu wapo matapeli wanaotengeneza tovuti pacha ya jarida halali, jina lilelile na namba ya ISSN ileile, ila fedha zinaingia mfukoni mwao. Jambo moja linawachanganya wengi: makala kuonekana PubMed si sawa na jarida kuwamo MEDLINE. PubMed ni mlango mpana zaidi, na makala huingia humo kwa njia kadhaa. Pia upo ukurasa unaoitwa Think. Check. Submit. wenye maswali ya kujiuliza kabla ya kutuma. Ni mfupi, pitieni.

Lakini jarida bandia ni nusu tu ya tatizo. Nusu ya pili ni jarida halali lisilo lako. Dada yetu mara ya kwanza alichagua jarida lenye jina kubwa kuliko yote aliyoyajua. Mara ya pili nilimwambia afungue orodha ya marejeo ya tasnifu yake na ahesabu: majarida gani yanajirudia? Matatu yalijitokeza zaidi ya mara nne kila moja. Hayo ndiyo majarida ambayo wasomaji wake wanakaa. Katika kila moja alisoma makala tano za karibuni, si kwa ajili ya maarifa, bali kuangalia: wanachapisha tafiti za hojaji za hospitali chache, au wanataka majaribio tu? Jarida moja kati ya matatu lilikuwa limeandika wazi kwenye maelekezo kwamba halipokei tafiti za maarifa na mitazamo. Angelituma huko, angepoteza wiki kadhaa kwa kitu kilichoandikwa mbele ya macho yake.

Akabaki na mawili. Akaangalia ada ya uchapishaji. Moja halikutoza mwandishi kama makala inabaki kwa wanaolipia usajili. La pili lilikuwa la ufikiaji huria na lina ada. Hapa sikilizeni vizuri: wachapishaji wengi hutoa msamaha wa ada, wote au sehemu, kwa waandishi kutoka nchi zenye kipato cha chini. Kwa kawaida msamaha huo huombwa wakati wa kutuma makala. Ukisubiri makala ikubaliwe ndipo uombe, mara nyingi umechelewa.

Akachagua, akatuma kwa jarida moja. Moja tu! Kutuma kwa mawili kwa wakati mmoja ili uone litakalojibu kwanza ni kosa la kimaadili, na wahariri wanaweza kuikataa pande zote mbili. Katika barua kwa mhariri alisema waziwazi kwamba kazi imetokana na tasnifu iliyopo kwenye hifadhi ya chuo. Wengi wanaogopa kulisema hilo. Majarida mengi hayaihesabu tasnifu kuwa uchapishaji wa awali, lakini programu ya kulinganisha maandishi italionyesha tu fungu ulilonakili. Afadhali mhariri alisikie kwako.

Basi, miezi mitatu ikapita. Barua ikaja: marekebisho makubwa. Wahakiki wawili, maoni 19.

Dada alinipigia simu analia. “Mwalimu, wameikataa.” Nikamwambia hawajaikataa. Nirudie na kwenu: marekebisho makubwa si kukataliwa. Mhariri asiyeitaka makala yako hakupi maoni 19 na tarehe ya kurudisha. Nilimwambia aisome barua mara moja, aifunge, asiguse kitu kwa siku mbili. Siku ya tatu tukaketi. Tukanakili kila hoja ya mhakiki kwenye jedwali la safu tatu: alichosema, tunachojibu, na tulichobadilisha pamoja na ukurasa na mstari. Hoja yenye mambo mawili ndani yake tukaigawa mara mbili. Maoni 19 yakawa 26. Kisha tukapanga. Kumi na tano yalikuwa mambo ya lugha, marejeo na majedwali, yalimchukua jioni mbili. Yaliyobaki ndiyo yenye uzito, nami nitawapa matatu.

La kwanza lilitoka kwa mhakiki wa pili, na lilimuuma kuliko yote. Dada alikuwa ameandika kwamba wauguzi waliopata mafunzo wana uwezekano mara 3.5 zaidi wa kutumia kipimo. Mhakiki akasema: si kweli. Dada akakasirika. Programu ndiyo iliyotoa 3.5! Tukarudi kwenye hesabu. Waliopata mafunzo walikuwa 90, na 63 kati yao wanatumia kipimo. Wasiopata nao walikuwa 90, na 36 kati yao wanatumia. Yaani asilimia 70 na asilimia 40. Gawanya 70 kwa 40: unapata 1.75. Sasa 3.5 ilitoka wapi? Programu ilikuwa imetoa uwiano wa odi. Odi hailinganishi wanaotumia na wote. Inalinganisha wanaotumia na wasiotumia. Kwa wa kwanza ni 63 kwa 27, kwa wa pili ni 36 kwa 54. Ukigawanya odi ya kwanza kwa ya pili unapata 3.5 kweli. Jambo likiwa adimu, namba hizo mbili hukaribiana. Hapa zaidi ya nusu ya wauguzi wote wanatumia kipimo, si jambo adimu, kwa hiyo odi inavimba. Namba ilikuwa sahihi, sentensi ndiyo iliyokuwa na kosa.

Je, ajibu vipi? Rasimu yake ya kwanza ilisema: “Tumerekebisha.” Neno moja! Mhakiki aende akatafute mwenyewe? Rasimu ya pili ilijitetea kwa aya mbili kwamba tafiti nyingine zimetumia odi pia. Ile tuliyotuma ilikuwa hivi: “Tunamshukuru mhakiki kwa hoja hii. Ni kweli kwamba matumizi ya kipimo yalikuwa ya kawaida katika sampuli yetu, na uwiano wa odi ulizidisha ukubwa wa uhusiano. Tumechambua upya kwa rigresheni ya Poisson yenye makosa sanifu imara, na sasa tunaripoti uwiano wa asilimia wa 1.75, wenye wigo wa uhakika wa asilimia 95 kuanzia 1.31 hadi 2.33. Mabadiliko yako kwenye ikisiri, Jedwali la 3, na aya ya kwanza ya mjadala.” Mnaona? Anakubali, anaeleza alichofanya, anaonyesha mahali. Na zingatieni neno ikisiri. Watu hurekebisha jedwali wakasahau ikisiri, na mhakiki akirudi anaanza na ikisiri.

La pili: mhakiki wa kwanza alitaka ushahidi kwamba wauguzi wanatumia kipimo kweli, si kwamba wanasema wanakitumia. Alitaka mafaili ya wagonjwa yakaguliwe. Data hizo hazikuwepo, na kibali cha kamati ya maadili hakikuwa na ruhusa ya mafaili. Hapo usibuni wala usilalamike. Tulijibu kwamba hoja ni ya msingi, kwamba kibali hakikuruhusu, na tukaandika kwenye mapungufu ya utafiti kwamba mtu anayejieleza huwa na mwelekeo wa kujisifia kidogo, kwa hiyo asilimia zote mbili huenda ziko juu ya hali halisi. Tukaongeza jambo ambalo mhakiki hakuliuliza: waliopata mafunzo wanajua jibu linalotarajiwa kuliko wenzao, kwa hiyo hata tofauti yenyewe inaweza kuwa imeongezeka. Dada aliogopa. “Si ninajichongea?” Hapana. Na kwa sababu hiyohiyo tuliondoa kila mahali alipoandika kwamba mafunzo “yalisababisha” au “yaliongeza” matumizi. Alipima mafunzo na matumizi siku moja, kwa hojaji moja. Huenda wenye bidii ndio wanaoomba mafunzo. Alichonacho ni uhusiano.

La tatu: wahakiki walipingana. Mmoja alitaka nadharia iongezwe, mwingine alisema hata sentensi iliyopo ni nyingi. Utamtii nani? Humtii mmoja kimyakimya. Jibu tuliliandika kwa wote wawili na kulitaja kwenye barua kwa mhariri: wahakiki wametofautiana, tumebakiza sentensi moja kwa sababu nadharia ndiyo iliyozaa maswali ya hojaji, na tuko tayari kufuata uamuzi wa mhariri. Mhariri ndiye mwenye uamuzi, wahakiki wanamshauri.

Mwisho kabisa tulikagua jambo dogo ambalo limeharibia wengi. Jarida lile lilificha majina ya pande zote mbili, mwandishi na mhakiki. Dada alikuwa ameyaondoa kwenye ukurasa wa kwanza, lakini jina lake lilikuwa bado kwenye sifa za faili, jina la hospitali lilikuwa kwenye mbinu za utafiti, na kwenye majibu aliandika “kama nilivyoeleza katika tasnifu yangu” pamoja na kichwa cha tasnifu. Mhakiki angeweza kumtambua kwa kutafuta mara moja tu mtandaoni.

Tulirudisha siku kumi kabla ya tarehe. Ikarudi na maoni manne madogo, kisha ikakubaliwa. Halafu ikaja rasimu ya mwisho ya kuchapwa, na masaa 48 ya kuihakiki. Dada alikuwa zamu ya usiku, akataka kubofya “sawa” na kulala. Nikamwomba asome majedwali kwa sauti, namba kwa namba, akilinganisha na yale aliyotuma. Kwenye Jedwali la 2, mpangaji wa kurasa alikuwa amebadilishana vichwa vya safu mbili: waliopata mafunzo walionekana kutumia kipimo kwa asilimia 40, na wasiopata asilimia 70. Aliandika marekebisho saa tisa usiku, akayatuma, kisha akaenda kumpima maumivu mgonjwa wa kitanda cha nne.

Asanteni. Karibuni maswali.